Maneno Yanayokaa Kati ya Salamu

Ukiwaomba marafiki kumi wa mtu mmoja wamtumie salamu za bethdei kwa video, usishangae ukipokea klipu kumi zinazosema jambo lilelile. Heri ya kuzaliwa, Mungu akuzidishie miaka, ufikishe mia, tunakupenda sana. Ya kwanza hupendeza, ya tatu huvumilika, na ikifika ya sita mwenye siku yake ameshaanza kuuliza kama kuna mtu aliyezima jiko.

Wengi wakiliona hilo hukimbilia mapambo: puto zinazopaa, nyota, herufi zinazocheza, muziki mkubwa. Mapambo hayasaidii, kwa sababu tatizo liko kwenye maneno. Kinachokosekana ni mtu wa kuziunganisha salamu hizo, yaani msimulizi mmoja anayesema machache kati ya klipu na klipu, mpaka salamu za watu mbalimbali ziwe kisa kimoja. Waliokua wakisikiliza kadi za salamu kwenye RTD au KBC wanaikumbuka kazi hii. Kadi zenyewe zilifanana mno, fulani wa mahali fulani anamsalimia fulani. Utamu ulikuwa kwa mtangazaji, alivyoitoa kadi moja na kuiingiza nyingine kwa neno la utani bila kukuchosha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye siku ni mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Chumbageni, Tanga. Anatimiza miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima, kwa hiyo bethdei yake ni siku ya kuiaga chaki pia. Wanawe wanataka video isiyozidi dakika nne, ya kumwonyesha sebuleni baada ya chakula. Watu wao ni sita: rafiki aliyesoma naye Chuo cha Ualimu Korogwe, mwalimu mwenzake wa kituo cha kwanza huko Lushoto, mwanafunzi wake wa zamani, jirani wa ukuta mmoja, akina mama wa kikoba chake, na rafiki wa utotoni aliyehamia Muscat miaka mingi iliyopita.

Kazi inaanzia kwenye ujumbe wa kuomba, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanafungua grupu la WhatsApp, wanaandika “tunaomba video za kumtakia mama heri”, na mtu wa kwanza akishatuma yake wengine wote wanaiga, mpaka mkono wa kupunga mwishoni. Afadhali kumwandikia kila mtu peke yake, na kumwuliza swali lake mwenyewe. Kwa rafiki wa Korogwe, ujumbe ungekuwa hivi:

“Shikamoo mama mdogo. Tunamwandalia mama video ya siku yake ya kuzaliwa na hajui kitu. Tunaomba utusimulie jambo moja tu: ile pasi ya mkaa ya bwenini Korogwe. Sekunde 40 zinatosha. Heri ya kuzaliwa iseme mwisho kabisa, peke yake, baada ya kunyamaza kidogo. Laza simu, kaa ukitazama dirisha, zima feni na TV. Tunaiomba kabla ya Ijumaa, na tafadhali usiiweke status.”

Kila sentensi pale ina sababu yake. Swali la pasi linamtoa mtu kwenye dua za jumla na kumrudisha mahali. Simu iliyolazwa hutoa picha inayojaa TV, wakati iliyosimamishwa huacha weusi pande zote mbili. Dirisha likiwa mbele ya uso, sura huonekana. Likiwa mgongoni, utapata kivuli kinachozungumza. Feni ni adui kuliko wengi wanavyodhani, maana sikio la mtu aliyeko chumbani hulizoea vumo lake, lakini simu hailizoei. Na hilo la status si mzaha. Sapraizi nyingi huvuja kwa rafiki mwenye furaha aliyesahau kwamba hata mwenye siku ana namba yake.

Kuna jambo moja la kiufundi la kusisitiza. Video ikitumwa WhatsApp kama video ya kawaida, hubanwa ili iwe nyepesi, na ikifika kwenye kioo kikubwa nyuso hugeuka vipande vipande. Mwombe mtumaji abonyeze alama ya kuambatisha, achague Document, kisha aitafute klipu yake humo. Faili hufika kama ilivyorekodiwa, na WhatsApp hukubali mpaka GB 2. Kwa mzee asiyeweza hatua hizo, pokea tu alichotuma. Picha yenye ukungu kidogo yenye maneno mazuri hubaki, na picha safi isiyo na maneno hukatwa.

Klipu zikishafika, usifungue CapCut wala InShot kwanza. Chukua daftari. Sikiliza kila klipu, andika alichosema mtu neno kwa neno, na pembeni weka sekunde. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo siri ya video nzima, kwa sababu skripti ya msimulizi haiwezi kuandikwa kabla ya kujua watu wamesema nini. Aliyeandika mapema huishia kuandika utambulisho, na utambulisho ni kazi ya maandishi madogo chini ya picha: jina, mahali, basi.

Kwenye daftari la wanetu wa Tanga, klipu ya Korogwe ina dakika moja na sekunde 40. Thelathini za mwanzo ni “haloo, inarekodi hii?” na salamu kwa familia nzima. Kisha inakuja dhahabu. Usiku wa kuamkia mazoezi ya kufundisha, mama aliunguza sketi ya mwenzake kwa ile pasi. Asubuhi akamvalisha sketi yake nzima, yeye akaivaa yenye tundu, akalifunika tundu kwa daftari la andalio la somo siku nzima. Maelezo hayo yanachukua sekunde 22. Hizo ndizo zinazobaki. Nyingine zote zinakatwa, na mama mdogo wa Korogwe hataona vibaya, kwa sababu atakuwa amechekesha watu.

Baada ya hapo ni kupanga foleni. Adabu zetu zingetaka mkubwa atangulie, au kiongozi wa kikoba afungue. Nadhani foleni ya umri wa urafiki ni bora: aliyemjua zamani zaidi kwanza, wa jana mwisho. Wazee kwa kawaida watajikuta mbele bila mtu kulalamika, na mtazamaji anamwona mwenye siku akikua mbele ya macho yake. Ila kanuni hiyo ina pahali inapovunjwa, na tutafika.

Sasa ndiyo msimulizi anaandika. Kipimo chake ni kikali. Mtu anayesoma bila haraka husema takriban maneno mawili kwa sekunde, na kiunganishi kikizidi sekunde nane watu huanza kumsubiri mtu mwingine aje. Kwa hiyo una maneno 15 au 16 hivi. Ndani ya hayo unafanya mambo mawili: unashika kitu kimoja kutoka kwenye klipu iliyopita, na unafungua mlango wa inayofuata bila kusema kilichomo.

Video yenyewe inafunguliwa bila “karibuni” wala “leo ni siku maalumu”. Inaonekana picha ya zamani ya wasichana wawili, na sauti inasema: “Korogwe, mwaka 1986. Wasichana wawili, kitanda cha juu na cha chini, pasi moja ya mkaa.” Kisha anaingia mama mdogo na kisa cha sketi.

Kutoka hapo tunakwenda Lushoto, ambako mwalimu mwenzake anaeleza mama alivyofika akitetemeka kwa baridi, akaazimwa koti la mume wake, na koti hilo halijarudi mpaka leo. Mwandishi asiye na uzoefu angeandika: “Baada ya kuhitimu mafunzo yake, mama alipangiwa kituo cha kazi wilayani Lushoto ambako alifanya kazi kwa bidii na kujituma. Sasa tumsikilize mwalimu mwenzake.” Hayo ni maneno ya risala ya mkuu wa shule. Hayana kosa la lugha, lakini hayashiki chochote cha nyuma, na yanatangaza kitu ambacho macho yataona yenyewe. Linganisha na haya: “Andalio la somo lilipanda naye basi mpaka Lushoto. Sweta alilisahau.” Maneno kumi. Daftari la tundu limeunganishwa na safari, na neno sweta limeandaa baridi bila kuitaja baridi wala koti. Mwalimu mwenzake akianza na “alifika anatetemeka”, kicheko ni chake, hajaporwa.

Kupora kicheko ndilo kosa kubwa la wasimulizi. Tazama kiunganishi kinachofuata, cha kwenda kwa mwanafunzi wa zamani ambaye sasa ni dereva wa basi la Tanga na Dar es Salaam. Kijana huyu amejirekodi akiwa kwenye usukani, gari limesimama stendi, anakiri kwamba jedwali la saba lilimshinda mwaka mzima. Rasimu ya kwanza ilisema: “Koti bado liko kabatini. Mama naye ana anachodai: jedwali la saba, kutoka kwa dereva mmoja wa basi.” Imekaa vizuri mpaka uitazame na picha. Picha inatuonyesha dereva. Kwa nini tumtaje kabla? Ikabadilishwa: “Koti bado liko kabatini. Mama naye ana anachodai: jedwali la saba, kutoka kwa mtoto wa dawati la nyuma.” Msikilizaji anangoja mtoto. Anatokea mwanamume wa makamo mwenye ndevu, kashika usukani wa basi zima. Maneno hayakuongezeka hata robo, ila sebule itacheka kabla dereva hajafungua mdomo.

Mahali pengine msimulizi hana budi kunyamaza. Dereva anamaliza kwa kusema, “Mwalimu, siku ukija stendi, nauli yako mimi nimeshailipa.” Jirani wa Chumbageni, aliyerekodi siku nyingine kabisa na hajui dereva amesema nini, anaanza hivi: “Huyu jirani yangu hata chumvi anakopa kwangu.” Zibandike pamoja bila neno na zitajibizana kama watu waliokaa mkeka mmoja. Bahati za namna hii hazionekani kwenye simu kwa kupitisha klipu na kidole. Zinaonekana daftarini, sentensi ya mwisho ya mmoja ikiwa karibu na sentensi ya kwanza ya mwingine.

Akina mama wa kikoba walikuja na shida yao. Walirekodi kumi na wawili kwa pamoja, na watu kumi na wawili wakisema dua kwa pamoja hutoka ngurumo isiyo na herufi. Dawa ni kuwaomba warudie: mwenyekiti aseme peke yake, wengine waitikie neno moja la mwisho. Kiunganishi chao kinatoka kwenye chumvi ya jirani: “Chumvi hukopwa kwa mdomo. Mikopo mikubwa huandikwa daftarini, kila Jumamosi.” Hayo yanatosha, tuendelee.

Tumebakiwa na Muscat. Huyu walicheza naye ufukweni Pangani kabla yeyote kati yao hajaanza shule, kwa hiyo kwa kanuni ya foleni angekuwa wa kwanza. Wanawe wamemweka mwisho, na kwa maoni yangu wamefanya vyema, kwa sababu ndiye ambaye mama hamtegemei. Lakini ukirudi nyuma miaka hamsini ghafla, mtazamaji atadhani umekosea kupanga. Kazi ya kuomba radhi kwa mruko huo ni ya kiunganishi: “Wote hawa walimjua akiwa mwalimu. Huyu alimjua kabla hajajua kuandika jina lake.” Mruko wa miaka sasa una maana, na bado hatujasema ni nani.

Isitoshe, yeye hakutuma video. Alituma ujumbe wa sauti wa dakika tatu, maana hataki kupigwa picha. Usimlazimishe. Sauti juu ya picha tulivu huweza kuwa na nguvu kuliko uso, mradi picha zisikimbie. Picha mbili zinatosha kwa sekunde 25: moja ya watoto wale wawili, nyingine ya mto Pangani unapoingia baharini. Picha za albamu zipige tena kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, la sivyo utapata doa jeupe katikati ya uso wa bibi. Na unapoikata sauti ya Muscat, acha kile kicheko chake katikati ya sentensi. Watu husafisha sauti kupita kiasi, wakaondoa pumzi na vicheko, akabaki mtu anayesoma tangazo. Katikati ya sentensi usikate kamwe. Tafuta mahali alipovuta pumzi.

Kuhusu sauti ya msimulizi mwenyewe, asome mtoto wa nyumbani, hata kama hana sauti ya redio. Arekodi chumba cha kulala, karibu na godoro na nguo zinazoning'inia, kwa sababu sebule tupu yenye vigae hurudisha mwangwi na kumfanya asikike kama yuko kisimani. Simu iwe mbali na mdomo kwa shubiri moja, pembeni kidogo, ili herufi p na b zisipige upepo.

Muziki uwe mmoja, usio na maneno, maana mwimbaji na mzungumzaji hawawezi kusikika kwa pamoja. Uteremshe kila mtu anapoongea mpaka uwe unauhisi tu, na chini ya sauti ya Muscat uuondoe kabisa. Ikiwa mna mpango wa kuiweka video YouTube au Facebook baadaye, wimbo maarufu wenye haki za msanii unaweza kusababisha sauti izimwe au video izuiliwe.

Mwisho wa video unaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumfanya msimulizi atoe hotuba ya sifa: mama mwema, mvumilivu, nguzo ya familia. Sifa hizo zinafaa mama yeyote. Ya pili ni kumwingiza marehemu bila kutarajiwa. Ikiwa baba ameshatangulia mbele ya haki, picha yake ipite mapema, kwenye habari za Lushoto au Chumbageni, kwa sekunde chache, bila maelezo. Akiwekwa mwisho, mama atamaliza siku yake kwa kilio cha msiba, na wageni hawatajua wapige makofi au wampe pole.

Kwa video nzima msimulizi amekuwa akisema “mama” kwa kumzungumzia, kana kwamba anatusimulia sisi. Mwishoni anageuka na kumwambia yeye mwenyewe. Mgeuko huo peke yake ndio unaoleta joto, ndiyo sababu usiutumie mapema. Maneno yakawa haya:

“Mama, kuanzia Jumatatu hakuna kengele. Ukiamka saa kumi na moja, lala tena. Ukikuta mtoto dukani amekosea hesabu, msahihishe tu, hatutakuzuia. Koti la Lushoto tumekubaliana usilirudishe. Na ukikumbuka kufundisha, tupo sisi, bado hatujui kuosha sufuria. Heri ya kuzaliwa.”

Ni sekunde 20 hivi. Hakuna neno la sifa hata moja, na kila kilichotajwa kimetoka kwenye klipu au kwenye nyumba ile. Palepale, bila pumziko, zinafuata zile “heri ya kuzaliwa” tulizowaomba watu waseme mwisho na peke yake: Korogwe, Lushoto, stendi, jirani, kikoba, Muscat, kila moja sekunde moja, zikipandiana. Salamu ambayo ingechosha mara sita imesikika mara moja, kwa vinywa vingi. Ukijumlisha yote, video haifiki dakika nne.

Ihifadhi kwa 1080p, kama faili la MP4. Kuna TV zinazogoma kufungua video iliyobanwa kwa mfumo wa HEVC, kwa hiyo kama programu inakupa uchaguzi, chagua H.264. Ijaribu kwa flashi kwenye TV ileile itakayotumika, siku moja kabla, mama akiwa sokoni. Sikiliza kwa masikio ya mtu wa miaka 60 aliyekaa kochi la mbali: kama inabidi uongeze sauti klipu ya Lushoto na kuipunguza ya dereva, rudi ukaziweke sawa. Iwe pia kwenye simu mbili, kwa ajili ya umeme. Mwishoni mwa video ongeza sekunde kumi za weusi mtupu, ili TV isirudi kwenye orodha ya mafaili wakati mama bado anatafuta leso.

Na zile klipu nzima usizifute. Dakika tatu za Muscat zilibaki sekunde 25 kwa sababu ya wageni, mama atataka kuzisikia zote, pamoja na “haloo, inarekodi hii?” Ziweke kwenye folda moja, kila moja na jina la mwenyewe, umpe flashi hiyo kesho yake asubuhi.